Umebadili paswedi, sasa kripto haitoki: fahamu vizuizi viwili vya kusubiri

Leo tuongelee jambo linalowatoa watu jasho pale kafe: salio lako la USDT unaliona, anwani ya kutuma unayo, unabonyeza kutoa, halafu skrini inakujibu kwamba huduma ya kutoa imesimamishwa kwa muda kwa sababu ya usalama. Wengi hapo hudhani wameibiwa, au mtandao mbovu, au serikali imefunga. Mara nyingi si hivyo. Hela ipo, ila umegusa mipangilio ya usalama ya akaunti yako, na soko limeamua usubiri kwanza.

Tatizo la kutokujua ni kwamba mtu anahangaika, anabonyeza hiki na kile, na kila anachobonyeza kinamwongezea muda. Mwingine anaenda kuomba msaada Telegramu na kule ndiko anakoibiwa kweli. Kwa hiyo tulichambue taratibu.

KIZUIZI CHA KWANZA: AKAUNTI YAKO NZIMA

Hiki kinawashwa pale unapobadili kitu kinacholinda mlango wa akaunti. Ukibadili paswedi, ukiondoa au kuweka upya Google Authenticator, ukibadili namba ya simu au barua pepe, masoko makubwa hufunga kutoa hela kwa muda. Binance, kwa mfano, hufunga kwa saa 24 ukibadili paswedi. Mabadiliko mazito zaidi, kama kurudisha akaunti ambayo ulipoteza simu yake, kwa baadhi ya masoko yanafika saa 48 au zaidi.

Kizuizi hiki hakijali unamtumia nani. Hata ile anwani uliyoitumia mara ishirini nayo haitapokea kitu. Na hapa kuna jambo ambalo vijana wengi hawalijui mpaka liwakute: mara nyingi hufungwa na uuzaji wa P2P, yaani ile njia ya kumuuzia mtu USDT naye akakurushia shilingi kwenye simu. Kwa hiyo kama ulipanga kwamba kutuma nje kukigoma utauza P2P upate nauli ya kutoka Nyakanazi, usitegemee. Kinachobaki wazi kwa kawaida ni kupokea hela na kubadilisha sarafu moja kwa nyingine ndani ya akaunti. Ukiwa umeshika bitikoini na unaogopa bei itashuka wakati unasubiri, unaweza kuigeuza USDT humohumo ndani.

KIZUIZI CHA PILI: ANWANI MPYA PEKE YAKE

Hiki ni tofauti kabisa, ingawa watu wanavichanganya. Kwenye masoko mengi kuna kipengele utakachokiona kwenye skrini kama `Withdrawal Whitelist` au `Allowlist`. Maana yake ni orodha ya anwani ulizoziruhusu. Ukikiwasha, akaunti haitatuma hela popote isipokuwa kwenye anwani zilizomo kwenye orodha hiyo. Ni kama kumwambia mlinzi wa geti, hawa watano ndo wa kupita, wengine wote warudishe.

Sasa ukiongeza jina la sita, mlinzi hamkubali hapohapo. Coinbase kwa mfano, ukiwa umewasha orodha hii, anwani mpya husubiri saa 48. Kwingine ni saa 24. Kraken wao wana kitu kinaitwa `Global Settings Lock`: ukikiwasha, huwezi kuongeza anwani mpya kabisa mpaka ukifungue, na kufungua kunachukua idadi ya siku ulizojiwekea mwenyewe, au uwe na ufunguo maalumu uliouandaa mapema.

Na kuzima orodha nako si njia ya mkato. Coinbase huweka kusubiri pia unapozima, na masoko mengine hufunga kutoa hela kwa muda. Fikiria mwenyewe: kama mwizi aliyeingia kwenye akaunti angeweza kuzima orodha na kutuma dakika hiyohiyo, orodha ingesaidia nini?

Kingine cha kuangalia ni kwamba anwani kwenye orodha mara nyingi inafungwa pamoja na sarafu na mtandao wake. Anwani ya USDT ya TRC20 huanza na herufi T na ina herufi na tarakimu 34. Ya ERC20 na ya BEP20 zote huanza na `0x` na zina 42, zinafanana kabisa kwa macho. Ukiisajili chini ya mtandao mmoja halafu ukataka kuitumia kwa mwingine, kwenye masoko mengi inahesabiwa kuwa haijasajiliwa, na unaanza kusubiri upya.

KWA NINI WANATUSUMBUA HIVI?

Kwa sababu kripto ikishatoka hairudi. Ukikosea kutuma kwa simu, unaweza kuwahi kupiga huduma kwa wateja wakakusaidia kuizuia kama aliyepokea hajaitoa. Kwenye mnyororo wa TRON au bitikoini hakuna wa kumpigia. Nafasi nzuri ya kumzuia mwizi ni kabla hela haijatoka.

Na wezi wengi wanaingia kwa kubadili mipangilio. Mfano mzuri ni uliotokea Coinbase kati ya Machi na Mei 2021. Wezi waliokuwa tayari na barua pepe, paswedi na namba za simu za wateja walitumia kasoro kwenye njia ya kurudisha akaunti kwa meseji, wakazipata zile namba za uthibitisho wao badala ya wenye akaunti. Wateja wasiopungua 6,000 waliibiwa. Coinbase wenyewe walisema kasoro ilikuwa yao na wakaahidi kuwafidia. Lakini si kila soko litakufidia, hasa kama paswedi imetokea kwako.

Kwa hiyo saa 24 hizo zimewekwa ili, kama siyo wewe uliyebadili, upate muda wa kuona barua pepe ya taarifa na kufunga akaunti. Kwetu huku ambako mtu anaingia kafe mara moja kwa siku, au anashuka mjini kutoka kijijini mara mbili kwa wiki, muda huo ni mdogo kuliko unavyodhani.

MFANO: KIJANA ALIYEENDA RUSUMO

Tuchukue mfano ili hesabu ionekane. Kijana wa Ngara mjini ana USDT 150. Anataka kumlipa muuzaji wa vioo vya simu ambaye amempa anwani mpya ya TRC20. Soko lake linashikilia saa 24 kwa kila badiliko, na orodha ya anwani aliiwasha zamani.

Jumapili alikuwa Rusumo mpakani. Rwanda na Burundi wako nyuma yetu kwa saa moja. Ukiwa Rusumo, au kule Kabanga karibu na Burundi, simu inaweza kudaka mnara wa jirani na saa ikarudi nyuma yenyewe. Kijana akaona saa inamdanganya, akazima ule mpangilio wa saa kujiseti yenyewe, akaisogeza mbele kwa mkono. Juu juu saa ikaonekana sawa. Lakini ndani simu bado ilijihesabu iko Kigali, kwa hiyo muda wake halisi ukawa umepotoka kwa saa nzima.

Hapo ndo shida ilipoanzia. Zile namba sita za Google Authenticator zinatengenezwa kwa kutumia muda wa simu, na zinabadilika kila sekunde 30. Zikitengenezwa kwa muda uliopotoka, soko linazikataa zote. Dawa yake ilikuwa kurudisha saa na ukanda wa saa vijisetie vyenyewe, basi. Yeye hakujua. Jumatatu saa nne kamili asubuhi, akiwa kafe, akabonyeza kuweka upya Authenticator. Soko likamkubalia, na likafunga kutoa hela mpaka Jumanne saa nne asubuhi. Hicho ni kizuizi cha kwanza.

Jumatatu nzima akakaa akisubiri bila kufanya lolote. Jumanne saa tatu asubuhi akaingiza anwani ya muuzaji kwenye orodha. Saa nne ilipofika, akaunti ikafunguka kweli, lakini anwani bado: yenyewe ilikuwa inasubiri mpaka Jumatano saa tatu asubuhi. Hicho ni kizuizi cha pili.

Akakasirika. Jumanne saa nane mchana akazima orodha yote ili atume bila kusubiri. Soko likahesabu kuwa ni badiliko jingine la usalama, likafunga akaunti kwa saa 24 tena. Sasa hela itatoka Jumatano saa nane mchana. Angetulia angetuma saa tatu asubuhi siku hiyohiyo. Amejiongezea saa tano kwa mkono wake mwenyewe, na mlinzi wake amemfukuza getini.

Angefanyaje? Masoko mengi yanakuruhusu kuongeza anwani hata wakati akaunti imefungwa kutoa. Angeiingiza Jumatatu saa nne na nusu asubuhi, vizuizi vyote viwili vingehesabu kwa pamoja na Jumanne saa nne na nusu angekuwa ameshatuma. Hiyo ni karibu siku moja nzima ya tofauti. Na kama angerekebisha saa ya simu tu, angetakiwa kusubiri anwani mpya peke yake.

SOMA MUDA VIZURI

Skrini mara nyingi inaonyesha muda wa kufunguka kwa UTC. Tanzania tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Ikiandikwa `07:00 (UTC)`, ongeza tatu unapata 10:00, ambayo kwa Kiswahili chetu ni saa nne asubuhi. Wapo wanaoiona 07:00 wakasema saa saba mchana, wakarudi kafe muda sio. Wapo pia wanaosoma saa moja asubuhi, wakafika mapema, wakakuta bado, wakaanza kubonyeza vitu. Mwandikie muuzaji muda wa kweli ukiwa umeshaubadili, msije mkagombana bure.

Ukiwa huoni muda wowote kwenye skrini, angalia barua pepe. Kila badiliko la usalama huleta ujumbe, na mara nyingi humo ndani wanakutajia ni saa ngapi za kusubiri.

IMEZUILIWA AU IMESHATUMWA?

Hili nalo lina njia rahisi ya kulijua. Nenda kwenye historia ya kutoa, utafute kitu kinaitwa `TxID`. Ni mstari mrefu wa herufi na tarakimu 64. Kama upo, hela imeshatoka kwenye soko. Kwa TRC20 unaweza kuubandika kwenye tronscan.org ukaona umefika wapi. Hapo kizuizi cha usalama hakihusiki tena, na kama anwani ilikuwa na kosa, kusubiri hakutasaidia.

Kama `TxID` haipo, hela bado iko ndani ya soko. Na kama soko limekataa hata kupokea ombi lako, kwenye historia hakutakuwa na mstari wowote, salio litabaki vilevile. Hiyo ndiyo sura ya kizuizi tunachoongelea.

KAMA SIYO WEWE ULIYEBADILI

Hapa usingoje hata dakika. Umepata ujumbe kwamba paswedi imebadilishwa au anwani mpya imeongezwa, na wewe ulikuwa shambani. Maana yake kuna mtu ndani, na zile saa 24 zinahesabu kuelekea yeye kutoa hela.

Kwanza usibofye kiungo kilichomo kwenye meseji, kwa sababu ujumbe wenyewe unaweza kuwa wa matapeli. Andika anwani ya soko mwenyewe kwa mkono, au fungua programu yake kwenye simu yako. Usitumie kompyuta ya kafe kwa kazi hii, maana huenda ndiko paswedi ilikovuja. Programu ndogo za kurekodi unachoandika zinaweza kukaa kwenye mashine ya watu wengi miezi na miezi. Azima simu ya ndugu unayemwamini kama huna.

Anza na barua pepe kabla ya soko. Badili paswedi yake, toa vifaa vyote usivyovijua, kisha ingia kwenye mipangilio yake uangalie vichujio. Wezi hupenda kuweka kichujio kinachopeleka kila ujumbe wa soko kwenye takataka ili usione taarifa. Ukishaumiliki mlango wa barua pepe, ingia kwenye soko utumie kitufe cha kufunga akaunti. Baada ya kuifunga, wasiliana na huduma yao kwa njia iliyomo ndani ya programu. Ukifunga, na wewe utafungiwa, na kufungua kutachukua muda na kudai vitambulisho. Vumilia tu, ni bora kuliko salio sifuri.

Na angalia laini yako. Kama simu imepoteza mtandao ghafla wakati wenzako mtandao huohuo unashika, huenda mtu amesajili laini yako upya. Piga 100 kwa simu nyingine ya mtandao wako waifunge. Ukipiga *106# utaona pia namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

MATAPELI WANAISHI HUMU

Mtu mwenye haraka ndiye mteja wao. Ukiandika kwenye kundi lolote kwamba hela yako imeshikiliwa, ndani ya dakika chache atakuja mtu mwenye nembo ya soko, anajiita huduma kwa wateja, anasema anaweza kukufungulia sasa hivi kwa ada kidogo, au anataka zile namba sita. Hakuna wa kukufungulia. Saa hizo zinaisha zenyewe, bure, na soko la kweli halikudai hela ya ziada ili kukuruhusu utoe hela yako.

Hiki ndicho kipimo cha kutofautisha. Kizuizi cha kweli kina sababu unayoikumbuka, kina mwisho unaojulikana, na hakina malipo. Ukiambiwa lipa kwanza ndo utoe, kisha ukilipa unaambiwa lipa tena, hiyo si kusubiri kwa usalama. Hilo ni soko feki na salio unaloliona ni tarakimu tu za kuchorwa.

Wengine wanatumia jina la TRA. Ni kweli Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya mali za kidijitali, kuanzia Julai 2024. Lakini kodi ya zuio hukatwa na anayelipa kutoka kwenye malipo yenyewe. Haitumwi kwanza kwenye namba ya simu ya mtu usiyemjua. Meseji za namna hiyo zitume 15040. Na kumbuka Benki Kuu ilitoa tahadhari dhidi ya sarafu hizi Novemba 2019, kwa hiyo usidhani kuna dirisha benki la kupeleka malalamiko kama soko la nje limekugomea.

KABLA HUJAGUSA MIPANGILIO

La kushika ni mpangilio wa siku. Kama una malipo Ijumaa, mabadiliko yote ya usalama yafanye Jumanne, yote kwa pamoja, halafu usiguse tena. Anwani mpya iingize siku hiyohiyo. Ukiibandika, linganisha herufi za mwanzo, za katikati na za mwisho na ile uliyotumiwa, maana kuna virusi vya kompyuta vinavyobadilisha anwani uliyoinakili ikawa ya mwizi. Ukiisajili ya mwizi, baada ya saa 24 orodha yako itamlinda yeye. Kizuizi kikiisha, tuma kidogo kwanza, mpigie muuzaji akiri kupokea, ndo umalizie.

Mdau uliyewahi kushikiliwa, tuambie hapo chini soko lako lilikuweka saa ngapi na ulikuwa umebadili nini. Itawasaidia wa Rulenge na Nyakahura ambao bado wanahesabu. Tupo pamoja.